Maji au hewa kifuani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mlio wa kugonga, sauti za pumzi na mrija wa kifua

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa udaktari, maafisa tabibu na wauguzi wanaojiandaa kwa mitihani ya magonjwa ya mfumo wa hewa, na wa walio wodini ambao mgonjwa wao hangojei mtihani. Majibu mengi yanamfuata mgonjwa mmoja wa mfano, kwa sababu huyo mmoja anapitia hali zote mbili ndani ya siku moja.

## Maji haya yako wapi hasa? Watu husema "maji kwenye mapafu".

Yako nje ya pafu. Pafu limefunikwa na utando mwembamba, na ukuta wa kifua nao umetandikwa utando wa namna hiyohiyo upande wa ndani. Tando hizi mbili ndizo pleura, na kati yake kwa kawaida kuna maji kidogo sana, mililita chache tu za kulainisha msuguano. Maji yakizidi humo, hiyo ni efyusheni ya pleura. Hewa ikiingia humo, iwe imetoka kwenye pafu lililotoboka au nje kupitia jeraha la kifua, hiyo ni nimothoraksi. Kuanzia hapa tutasema "maji" na "hewa" tu.

Maji yaliyo ndani ya pafu lenyewe, kama yale ya moyo ulioshindwa kusukuma damu, ni jambo jingine. Huwezi kuyatoa kwa mrija. Ukimweleza ndugu wa mgonjwa kwamba mwanawe "ana maji kwenye mapafu", fafanua ni yapi, la sivyo atashangaa kwa nini mgonjwa wa kitanda cha pili alitobolewa na wa kwake amepewa furosemaidi.

## Kwa nini sauti za pumzi peke yake hazinitoshi?

Kwa sababu hupungua au hutoweka katika hali zote mbili. Pafu limesukumwa mbali na ukuta wa kifua, na katikati kuna kitu kinachozuia sauti isifike kwenye stetoskopu. Kiwe maji, kiwe hewa, sikio lako linapata ukimya uleule. Mtetemo wa sauti nao hupungua kote kuwili: mgonjwa akisema "arobaini na nne" huku umeweka kiganja mgongoni, upande wenye tatizo hautetemi vizuri.

Kwa hiyo stetoskopu inakuambia ni upande upi ulioharibika. Kinachokuambia umejaa nini ni kidole kinachogonga kifua. Kwenye maji mlio unakufa kabisa, na kidole kilicholazwa kifuani kinahisi kama kimegongwa juu ya jiwe. Kwenye hewa mlio unavuma kuliko kawaida, mwepesi na mtupu.

Swali la mtihani likikupa "sauti za pumzi zimepungua kulia" bila kutaja mlio wa kugonga, bado hujapewa cha kutofautisha. Tafuta neno la kugonga kwanza, halafu trakea, halafu mtetemo.

## Nimonia nayo hutoa mlio mzito. Nitaitofautishaje na maji?

Hapa ndipo mtetemo wa sauti unapolipa. Pafu lililojaa usaha wa nimonia limekuwa gumu lakini bado limegusana na ukuta wa kifua, na njia za hewa ndani yake ziko wazi. Kitu kigumu hupitisha sauti vizuri, kwa hiyo mtetemo unaongezeka na pumzi inasikika kali, kama ya kwenye trakea yenyewe. Mlio wa kugonga ni mzito, ila haufikii ule uzito wa jiwe.

Kwenye maji mlio ni mzito, mtetemo umepungua, na pumzi kimya. Kuna mtego mmoja wanaoupenda watunga mitihani. Juu kidogo ya mpaka wa maji, pafu limebanwa na kushikana, na ukanda huo mwembamba unaweza kutoa pumzi kali. Mgonjwa akisema "eee", unasikia sauti ya puani inayotetema kama mlio wa mbuzi. Mwanafunzi akiweka stetoskopu hapo tu, ataandika nimonia. Shuka nafasi mbili za mbavu, usikilize tena.

Na kama mlio ni mzito, pumzi kimya, lakini trakea imevutwa kuelekea upande huohuo? Hapo fikiria pafu lililonywea kwa sababu njia yake ya hewa imezibwa, kwa uvimbe au kitu kilichovutwa. Maji mengi husukuma, pafu lililonywea huvuta. Mgonjwa mwenye mlio wa jiwe upande mzima huku trakea iko katikati kabisa anaweza kuwa na vyote viwili, mara nyingi saratani iliyoziba njia na kumwaga maji pia.

## Nagonga lakini sisikii tofauti. Nakosea wapi?

Mara nyingi kosa liko kwenye mkono usiogonga. Laza kidole cha kati kwenye nafasi kati ya mbavu mbili, sambamba na mbavu, ukikandamize kwa nguvu hadi kiungo cha mwisho kishikane na ngozi. Vidole vingine viinue. Vikigusa kifua vinameza mlio. Kisha gonga kwenye kiungo cha mwisho cha kidole hicho kwa ncha ya kidole cha kati cha mkono mwingine, kilichokunjwa kama nyundo, ukitumia kifundo cha mkono tu. Gonga mara mbili na uondoe kidole papo hapo. Kikikaa, kinazima mlio ulioutafuta. Kucha ziwe fupi.

Linganisha kulia na kushoto kwa kila kimo kabla ya kushuka. Kulinganisha juu na chini ya upande mmoja kunapotosha. Mgongoni, mwambie mgonjwa akumbatie mabega yake ili mifupa ya bega isogee pembeni. Usisahau mbavu za pembeni chini ya kwapa, kwa sababu maji machache hujificha huko.

Leopold Auenbrugger, daktari wa Viyena aliyechapisha njia hii mwaka 1761, aligonga moja kwa moja kwa ncha za vidole. Kidole cha kuwekea katikati kilikuja baadaye, na hicho ndicho kinachokupa kuhisi pamoja na kusikia. Wodi ikiwa na kelele, amini zaidi unachohisi.

## Ni wapi mlio wa kugonga unaweza kunidanganya?

Kulia, ini huanza kutoa mlio mzito karibu na ubavu wa tano au wa sita mbele, na si maji. Kwa upande mwingine, hewa nyingi kulia inaweza kuufuta mlio wa ini, na kutoweka kwake ni dalili. Kushoto chini, hewa ya tumboni huvuma na inaweza kukufanya udhani kuna hewa kwenye pleura. Kiwambo kilichopanda, kwa mfano kwa sababu ya ini lililovimba au jipu la ini, hutoa picha inayofanana kabisa na maji: mlio mzito chini, pumzi kimya. Ukichoma sindano hapo kwa kutegemea kidole tu, utachoma ini. Ndiyo maana altrasaundi hutangulia sindano ya maji kila inapopatikana.

Mvuta sigara wa miaka mingi mwenye mapafu yaliyovimba huvuma pande zote mbili, kwa hiyo tafuta tofauti ya pande, usitafute mvumo wenyewe. Hatari zaidi ni mfuko mkubwa wa hewa ndani ya pafu lake. Unavuma, uko kimya, na kwenye eksirei unaweza kuonekana kama hewa ya pleura. Mrija ukiingia humo umetoboa pafu, na sasa umetengeneza tatizo ambalo halikuwapo.

Kiasi nacho kina mpaka wake. Maji yakiwa chini ya mililita 300 hivi, kidole mara nyingi hakiyapati. Eksirei ya kusimama inahitaji takriban mililita 200 ili pembe ya chini ya pafu ifutike. Altrasaundi huona hata kidogo kuliko hapo. Mgonjwa aliyelala chali ni taabu zaidi, maana maji hutandaa mgongoni na hewa hupanda mbele, kwa hiyo kila kitu unachokitafuta kimehama.

## Tupeni mgonjwa mmoja tuone mantiki yote.

Mwanamume wa miaka 34, kilo 58. Ana homa za jioni, jasho la usiku na maumivu ya ubavu wa kulia kwa wiki nne, na siku tatu hizi anahema akipanda ngazi. Anapumua mara 28 kwa dakika, oksijeni ya damu 92%, mapigo 104, shinikizo 118/74.

Trakea imesogea kidogo kushoto. Mgongoni kulia, mlio ni mfu kuanzia chini hadi katikati ya mfupa wa bega. Pumzi hazisikiki hapo na mtetemo umepotea. Kwenye mpaka wa juu kuna ile sauti ya mbuzi. Mpaka wenyewe si mstari ulionyooka: umepanda juu zaidi kwenye kwapa kuliko mbele. Haya yote yanasema maji, na kwa kuwa yameanza kusukuma trakea, pengine yamepita lita moja.

Altrasaundi inathibitisha. Sindano inatoa maji ya rangi ya majani makavu, hayana usaha wala harufu. Protini ya maji ni gramu 52 kwa lita na ya damu ni 74, uwiano wa 0.70. Kwa vigezo vya Light vya mwaka 1972, uwiano ukizidi 0.5 maji hayo ni eksudeti, yaani yametokana na ugonjwa wa pleura yenyewe na si shinikizo la moyo wala upungufu wa protini. Seli nyingi ni limfosaiti, kimeng'enya cha ADA ni 68, pH 7.34, glukosi 3.9.

## Huyu anahitaji mrija?

Hapana, na swali hili huwakosesha wengi alama. Wingi wa maji si sababu ya mrija wa kudumu. Kinachoamua ni kama maji yale yatatoka na kupona kwa njia nyingine.

Eksudeti yenye limfosaiti nyingi na ADA iliyozidi 40, kwa kijana mwenye homa za wiki nne, katika eneo lenye kifua kikuu kingi, ni kifua kikuu cha pleura hadi ithibitishwe vinginevyo. Dawa za kifua kikuu za miezi sita ndizo zitakazoyakausha. Unatoa maji kwa sindano ili apumue, kisha unaondoa sindano.

Mrija ungehitajika kama maji yangekuwa usaha, kama vijidudu vingeonekana kwa rangi ya Gramu, au kama pH ingekuwa chini ya 7.2. Hizo ni dalili kwamba bakteria wanaishi humo na kula glukosi, na maji ya namna hiyo huganda na kugawanyika vyumba vyumba. Ukichelewa siku kadhaa mrija hautayatoa tena, na njia inayobaki huwa upasuaji. Damu baada ya ajali nayo inahitaji mrija, mnene wa ukubwa wa 28 hadi 32, kwa sababu damu huganda na pia unahitaji kujua kasi ya kutoka. Ikimwagika mililita 1,500 mara moja, au zaidi ya 200 kwa saa kwa saa mbili hadi nne, mwite daktari wa upasuaji.

Maji ya pande zote mbili kwa mgonjwa wa moyo, bila homa wala maumivu, mwachie furosemaidi kwanza.

## Nitoe kiasi gani kwa mara moja?

Usizidishe lita 1.5. Pafu lililokuwa limebanwa kwa wiki kadhaa likitanuka ghafla, mishipa yake midogo huvuja na pafu lenyewe hujaa maji. Mgonjwa aliyeanza kupata nafuu anaanza kukohoa povu na oksijeni inashuka. Kwa hiyo hata kabla ya lita 1.5, simama akianza kukohoa mfululizo, akisema kifua kinabana, au akiona kizunguzungu.

Mgonjwa wetu alitolewa mililita 1,200. Mwishoni alikohoa, wakasimama. Sawa kabisa.

## Dakika 20 baadaye anahema zaidi. Nini kimetokea?

Sasa anapumua mara 34, oksijeni 88%, shinikizo 112/70. Mtu wa haraka atasema maji yamerudi, lakini maji ya kifua kikuu hayajai tena kwa dakika 20. Yanayoweza kutokea haraka hivyo ni pafu kujaa maji kwa kutanuka ghafla, damu kutoka kwenye mshipa uliochomwa, au hewa.

Mketishe, ugonge upya. Mbele juu kulia, ambako asubuhi kulikuwa kama kawaida, sasa panavuma, na pumzi hazisikiki. Mgongoni chini bado pana mlio mfu, kwa maji yaliyobaki. Mpaka wa mlio huo sasa umenyooka kama uso wa maji kwenye sufuria, badala ya kupanda kwapani. Mlaze chali, ugonge mbele: mpaka umehama. Mtikise taratibu mabega huku sikio au stetoskopu iko kifuani, na unaweza kusikia maji yakichapuka, kama kibuyu kilichojaa nusu.

Huyu ana maji na hewa pamoja. Maji peke yake hupanda kwapani kwa sababu pafu bado linayavuta na kuyashikilia. Hewa ikiingia, mvuto huo unakatika na maji yanalala sawasawa kwa uzito wake. Ndiyo maana kwenye eksirei mstari ulionyooka kutoka ukutani hadi ukutani unatosha kusema kuna hewa, hata kama ukingo wa pafu hauonekani vizuri.

Imeingiaje? Ama sindano imekwaruza pafu lilipokuwa linatanuka, ama kiungo cha njia tatu kiliachwa wazi kati ya kubadilisha bomba la sindano na mgonjwa akavuta pumzi. Ya pili hutokea kimyakimya zaidi kuliko wengi wanavyodhani.

## Nimpige eksirei au nitoboe kwanza?

Tazama shinikizo la damu na shingo. Hewa ikijifungia kwa shinikizo, inasukuma moyo na mishipa mikubwa, damu hairudi moyoni. Shinikizo linaporomoka, mapigo yanakimbia, mishipa ya shingo inaweza kuvimba, trakea inakwenda upande wa pili. Ukiona mgonjwa anayeanguka namna hiyo, upande mmoja ukiwa unavuma na kimya, usingoje picha. Choma kanula nene, namba 14, kwenye nafasi ya pili kati ya mbavu mbele kwenye mstari wa katikati ya mfupa wa mtulinga. Mwongozo wa majeruhi wa ATLS wa toleo la 10, mwaka 2018, ulihamisha pahali hapo kwa watu wazima hadi kwenye nafasi ya nne au ya tano, mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa, kwa sababu ukuta wa mbele ni mnene kwa wengi na kanula haifiki. Kisha weka mrija, maana kanula hujikunja na kuziba.

Usingoje trakea ihame ndipo uamini. Huhama mwishoni, na kwa mgonjwa mnene shingoni huwezi kuihisi.

Mgonjwa wetu ana shinikizo la 112/70. Anateseka lakini haanguki. Mpe oksijeni, piga eksirei akiwa ameketi, na uandae mrija.

## Kwa nini sasa anahitaji mrija, na asubuhi hakuhitaji?

Kwa sababu hewa inaweza kuendelea kuingia kila anapovuta pumzi, na pafu linalovuja halizibwi na sindano ya mara moja. Ana dalili, oksijeni imeshuka, na chini yake kuna maji yenye ugonjwa.

Hali ingekuwa tofauti kwa kijana mrefu mwenye afya aliyeingiwa na hewa kifuani bila jeraha wala ugonjwa wa mapafu, akiwa anatembea na kuongea bila shida. Mwongozo wa Jumuiya ya Kifua ya Uingereza wa mwaka 2023 unamruhusu mtu kama huyo afuatiliwe bila kutobolewa, hata hewa ikionekana kubwa kwenye picha. Dalili zake ndizo zinazopewa uzito.

Tena kuna hewa ambayo mrija hauisaidii. Pafu lililofunikwa na gamba gumu la ugonjwa wa muda mrefu haliwezi kutanuka. Ukitoa maji, pengo linabaki na hewa inajaza nafasi. Mgonjwa hana shida mpya, hewa haiongezeki kwenye picha ya pili. Mrija hapo utakaa wiki nzima bila faida.

## Mrija uingie wapi?

Kwenye pembetatu salama ya kwapani. Mbele kuna ukingo wa msuli mkubwa wa kifua, nyuma ukingo wa msuli mpana wa mgongo, chini mstari wa kimo cha chuchu, yaani takriban nafasi ya tano, na kilele kiko chini kidogo ya kwapa. Mkono wa mgonjwa uwekwe nyuma ya kichwa. Ndani ya pembetatu hiyo misuli ni myembamba, moyo uko mbali, na ini liko chini. Kwa mwanamke, hesabu mbavu, usitegemee chuchu.

Pita juu ya ukingo wa juu wa ubavu wa chini. Mishipa ya damu na neva hukimbia kwenye mfereji ulio chini ya kila ubavu, kwa hiyo ukishikamana na ubavu wa chini unaiepuka.

Ganzi ya lignokeini ni hadi miligramu 3 kwa kilo. Kwa kilo 58 ni miligramu 174, na dawa ya 1% ina miligramu 10 kwa mililita, kwa hiyo una mililita 17. Kama chupa ni ya 2% una nusu yake. Soma lebo. Nyingi ya dawa hiyo ipeleke kwenye utando wa ubavu na pleura, ndiko kunakouma. Ukisogeza sindano hiyohiyo huku ukivuta, na hupati hewa wala maji, simama. Hapo si pahali pa mrija.

Kwa mrija mnene, panua njia kwa koleo butu na upitishe kidole kabla ya mrija, ili uhisi kama pafu limeshikamana na ukuta. Usitumie mrija wenye chuma chenye ncha ndani yake. Chuma hicho kimetoboa mapafu, maini na mioyo. Kwa mgonjwa wetu mrija mwembamba wa ukubwa wa 12 hadi 14 unaoingizwa juu ya waya unatosha, kwa kuwa maji yake ni mepesi.

## Chupa inaniambia nini?

Chupa ya maji ni mlango wa upande mmoja. Ncha ya bomba lake izame sentimita 2 majini: hewa inatoka kwa mapovu, hairudi. Chupa ikae sakafuni, chini ya kifua daima. Ukiiinua juu ya kitanda wakati wa kumhamisha, unamrudishia yaliyotoka.

Maji ya bombani yakipanda na kushuka kwa pumzi, njia iko wazi. Mapovu yanayotoka akikohoa ni hewa ya pleura. Mapovu ya kila wakati ni pafu linalovuja, au kiungo kilicholegea. Bana mrija sekunde chache karibu na kifua: yakikoma, hewa inatoka kwa mgonjwa au pale mrija unapoingilia, yakiendelea, tundu liko kwenye mirija yako. Baada ya hapo achia mara moja, kwa sababu mrija unaotoa mapovu haubanwi na kuachwa. Ukifanya hivyo umefungia hewa ndani na unatengeneza ile hali ya shinikizo. Ukibana ili kupunguza kasi ya maji, hakikisha hakuna mapovu.

Bomba lisilopanda wala kushuka lina maana mbili zilizo kinyume: pafu limetanuka lote, au mrija umekunjika au kuziba. Gonga kifua. Kama juu bado panavuma na pumzi hazisikiki, mrija umeziba. Fuata urefu wake wote kuanzia ngozini. Mara nyingi mgonjwa ameulalia.

## Mapovu yamekoma lakini bado panavuma, na mrija haujakunjika. Kwa nini?

Hili humpata hasa mwenye maji na hewa pamoja anayetumia chupa moja. Chukua chupa ya kipenyo cha sentimita 12. Eneo la chini yake ni takriban sentimita za mraba 113. Mililita 900 za maji ya kifua zikiingia humo, kimo kinapanda sentimita 8. Ncha iliyozama sentimita 2 sasa imezama 10. Hewa inahitaji kusukuma safu ya sentimita 10 ili itoke, na pumzi ya kawaida ya kutoa haina nguvu hiyo. Inatoka akikohoa tu, na mgonjwa mwenye maumivu hakohoi.

Protini ya maji hayo pia hutengeneza povu linalojaza chupa na kukuzuia kuona kimo. Dawa ni kubadilisha chupa mapema, baada ya kubana mrija kwa sekunde chache tu za kubadilisha, au kutumia chupa mbili: ya kwanza ipokee maji, ya pili ibaki na sentimita 2 zake. Andika kimo cha mwanzo kwa mstari kwenye plasta ya chupa, pamoja na saa. Bila mstari huo, muuguzi wa zamu ya usiku hajui ni maji gani yalikuwa ya kwako na yapi ni ya mgonjwa.

## Mrija utoke lini?

Kwa hewa: mapovu hayatoki hata akikohoa, na eksirei inaonyesha pafu limetanuka, kwa kawaida baada ya kusubiri siku moja. Kwa maji: yanayotoka yamepungua chini ya mililita 200 hivi kwa saa 24. Mgonjwa wetu anahitaji yote mawili, na kila asubuhi kabla ya picha agongwe mbele juu na mgongoni chini. Mvumo ukiondoka juu huku mlio mfu ukibaki chini, hewa imekwisha na maji bado yapo. Muulize altrasaundi kama yamegawanyika vyumba kabla ya kuulaumu mrija.

Kupanda ndege kusubiri angalau siku 7 baada ya eksirei kuonyesha hewa imekwisha. Kwa wapiga mbizi wa chupa wa pwani na visiwani, aliyeingiwa na hewa kifuani bila jeraha asirudi kuzamia mpaka awe amefanyiwa upasuaji wa pleura pande zote mbili na kupimwa upya. Chini ya maji hewa iliyonaswa hutanuka mtu anapopanda, na huko hakuna wa kumchoma kanula.